Mfumo wa mahesabu wa Kifaransa, na VAT ya miezi mitatu niliyoikosea

Naweka vitabu vya duka la vifaa vya ujenzi hapa Dodoma, upande wa Kizota, saruji, nondo, mabati, rangi, misumari na vitu vya bomba. Kazi hii nimeifanya mwaka wa saba sasa na VAT naijua, ritani napeleka mwenyewe kabla ya tarehe 20 kila mwezi, kwahiyo msome haya mkijua kwamba aliyekosea si mtu aliyeanza jana. Nilikosea kwasababu mfumo ulikuwa unaongea Kifaransa na mi Kifaransa sijui hata salamu, na kosa lenyewe halikuwa pale nilipodhani litakuwa.

Ilikuwa Machi 2023. Bosi ana shemeji yake Bujumbura ambaye naye ana duka kama letu, wakakubaliana watumie mfumo mmoja ili waonane stoo, huyu akiishiwa kitu ajue mwenzie anacho. Fundi wa mfumo yuko kulekule Bujumbura, akanakili ule wa shemeji kama ulivyo, akabadilisha jina la duka na fedha ikawa shilingi ya Tanzania, akatutumia. Nafungua kompyuta asubuhi nakuta kila kitu Kifaransa. Nikampigia, akasema dada zoea tu, Kiingereza ntakuwekea baadae, hiyo baadae ikaja mwezi wa saba.

Cha kwanza nilichofanya nilitafuta mtu wa kunitafsiria. Siku hiyohiyo kuna dereva wa Burundi alikuwa amepaki pale nje kapita na mzigo wa shemeji, anajua Kifaransa na Kiswahili vyote, nikamuomba akae kwenye kompyuta dakika kumi. Mi nasoma neno yeye anasema, naandika kwenye daftari. Fournisseur, saplaya. Quantité, idadi. Prix unitaire, bei ya kitu kimoja. Date d'échéance, siku ya mwisho ya kulipa. NIF akasema ni namba ya mlipakodi, kwetu ni TIN. TVA ndo VAT. Tukafika kwenye HT na TTC akanyamaza, akasema "dada hizo ni herufi za watu wa ofisi, mimi sizijui." Na palipoandikwa Avoirs akasema "hiyo ni kuwa na, yaani vitu ambavyo mnavyo." Nikaandika hivyohivyo, Avoirs, vitu tulivyonavyo. Mkae na hilo neno kichwani, ntarudi.

HT na TTC nikazipata mwenyewe kwa kuangalia chini ya ankara, maana pale kuna mistari mitatu, wa kwanza ni HT, wa pili TVA, wa tatu TTC, na wa tatu ndo mkubwa kuliko wote. Nikasema basi HT ni kabla ya kodi na TTC ni jumla pamoja na kodi. Na nilikuwa sahihi kabisa, HT ni hors taxe, nje ya kodi, na TTC ni toutes taxes comprises, kodi zote zikiwa ndani. Nasisitiza hapa kwasababu watu wakisikia habari hii wanafikiri nilichanganya HT na TTC. Hapana. Maneno nilikuwa nayajua, na bado nikaharibu miezi mitatu.

Kosa lilikuwa kwenye safu ya bei. Ukiingiza ankara ya saplaya unajaza mstari kwa mstari, jina la bidhaa, Quantité, Prix unitaire, halafu kuna kisanduku cha Taxes ambacho kinajijaza chenyewe. Prix unitaire ni bei ya kimoja, sawa, lakini bei ipi, yenye VAT ndani au isiyo na VAT? Neno lenyewe halisemi. Kinachosema ni kile kisanduku cha Taxes pembeni. Kwenye orodha yake kulikuwa na kodi mbili, TVA 18% na TVA 18% TTC. Ukichagua ya kwanza, mfumo unaichukua bei uliyoandika kuwa haina kodi, unaongeza asilimia 18 juu yake. Ukichagua ya pili, unaichukua bei kuwa kodi iko ndani, unaitoa humo. Ni mpangilio mmoja tu uliofichwa kwenye ukurasa wa ile kodi, umeandikwa Inclus dans le prix, imo kwenye bei, lakini sisi wa kuingiza ankara ule ukurasa hatuufungui.

Upande wa mauzo fundi alikuwa ameweka TVA 18% TTC, kwasababu duka la Bujumbura nalo linauza kwa bei yenye kodi ndani kama sisi. Upande wa manunuzi kaacha TVA 18%, kwasababu masaplaya wa shemeji wanaandika bei bila kodi halafu kodi inaongezwa chini. Kwake ilikuwa sahihi. Masaplaya wetu sisi wanakutajia bei moja tu, mfuko wa saruji 16,500, basi, VAT imo. Na Burundi VAT yao nayo ilikuwa asilimia 18 kama ya Tanzania Bara, kwahiyo hapakuwa na kitu cha kunishtua. Ingekuwa imeandikwa asilimia nyingine ningesimama siku ya kwanza. Nilipoona 18 nikatulia.

Niwaonyeshe ankara moja kama ilivyokuwa. Tulinunua mabati, tukalipa keshi 1,180,000. Risiti ya EFD ya saplaya chini imeandikwa TOTAL EXCL OF TAX 1,000,000, TOTAL TAX 180,000, TOTAL INCL OF TAX 1,180,000. Mi nikachukua bei ya bati moja kama ilivyo kwenye risiti, nikaweka idadi, mfumo ukaleta huu mguu:

```
Montant HT     1 180 000,00
TVA 18%          212 400,00
Total TTC      1 392 400,00
```

Nikabonyeza Confirmer. Mkiniuliza hukuhakiki, nilihakiki. Mi nina tabia ya miaka yote, nachukua jumla nagawa kwa 118 nazidisha kwa 18, nikipata VAT ileile basi ankara iko sawa. Nikafanya, 1,392,400 gawa 118 zidisha 18, jibu 212,400. Iko sawa! Na ndo hapo wengi tunapoanguka. Hiyo hesabu inapima kama mfumo unakubaliana na wenyewe, na mfumo siku zote utakubaliana na wenyewe, hata ukiupa bei ya uongo utakukokotolea vizuri kabisa mpaka senti ya mwisho. Nilichotakiwa kufanya ni kitu kidogo zaidi ya hicho, kushika risiti mkono wa kushoto na kuangalia kama TOTAL INCL OF TAX ya kwenye karatasi ndo Total TTC ya kwenye skrini. 1,180,000 na 1,392,400, mtoto wa darasa la pili angeona. Lakini macho yangu yalikuwa yanapigana na lugha, naangalia maneno, namba naziamini.

Kingine kilichonisumbua wiki za kwanza ni mkato na nafasi. Kifaransa kinatenga maelfu kwa nafasi, na mkato ndo nukta yetu ya senti. Mi nimezoea kuandika 16,500 basi nikaandika hivyo, mfumo ukaelewa shilingi 16 na senti 50, mifuko 100 ya saruji ikaja 1 650,00. Hii niliiona haraka maana jumla ilikuwa ndogo mno. Dawa yake ni kuandika namba tupu bila mkato wala nukta, 16500, mfumo utapanga wenyewe. Fanya hivyo kwa lugha yoyote na hutapata shida.

Ishara ya kosa kubwa ilikuja mapema sana na nikaikataa. Baada ya kuingiza yale malipo ya keshi ya 1,180,000, juu ya ankara ikabaki Montant dû 212 400,00, yaani bado tunadaiwa. Nikamwambia bosi saplaya wa mabati anatudai laki mbili na kumi na mbili elfu na mia nne. Bosi akampigia palepale, nasikia yule mzee wa upande wa pili anasema "hapana mwanangu, ulilipa yote, mi sikudai hata shilingi." Bosi akanigeukia, nikasema labda kuna risiti haijaingia, ntaangalia. Sikuangalia. Ankara zilikuwa nyingi, na ritani ya Machi ilikuwa inakaribia.

Sasa najua zile 212,400 zilikuwa zinaniambia kila kitu. Ukibakiwa na deni kwa mtu uliyemlipa yote, chukua hilo deni gawa kwa ulichomlipa. 212,400 gawa kwa 1,180,000 ni 0.18. Ukipata 0.18 kamili acha kutafuta risiti iliyopotea, kodi imeongezwa juu ya bei iliyokuwa na kodi tayari. Deni la kweli haliwezi kuangukia pale kila mara.

Nikapeleka ritani ya Machi, nikapeleka ya Aprili, nikapeleka ya Mei. VAT ya mauzo ilikuwa sahihi. VAT ya manunuzi, ile tunayojirudishia, ilikuwa imevimba.

Kabla sijafika jinsi ilivyogundulika niseme lililotuuma zaidi pale dukani, maana hili silioni likisemwa. VAT si peke yake inayoharibika. Gharama ya mzigo nayo inaharibika. Kwenye mfumo mfuko wa saruji ukawa umesomeka tumenunua 16 500,00 bila kodi, wakati bila kodi ni 13,983 na senti tano. Tulikuwa tunauza 17,500 kodi ikiwa ndani, ukitoa kodi ni kama 14,830. Kwahiyo kwenye mfuko mmoja tulikuwa tunapata faida kama shilingi 847, lakini ripoti ya Marge, yaani faida ya bidhaa, ilikuwa inaonyesha tunapata hasara ya shilingi 1,669. Namba nyekundu, na alama ya kutoa mbele. Bosi Kifaransa hajui lakini nyekundu anaijua. Akakaa nayo siku mbili, akapandisha saruji ikawa 18,000. Wakati ule watu wanajenga sana Nzuguni na Iyumbu na mafundi wanaulizia bei kwa simu, maduka manne kwa mpigo, mia tano inawahamisha. Wakahama. Wawili kati yao walikuwa wateja wetu tangu duka lifunguliwe, mmoja hajarudi mpaka leo. Hili ndo linaloniuma kuliko lile la TRA, kwasababu kodi ililipwa ikaisha.

Mwisho wa Juni bosi aliomba orodha ya madeni ya masaplaya ya mpaka mwisho wa Mei, alitaka kujua tulisimama wapi. Nikatoa. Chini ya ukurasa, 10 898 480,00. Milioni kumi na laki nane na tisini na nane elfu na mia nne na themanini, na sisi karibu kila kitu tunanunua keshi. Hakunigombeza, aliniuliza tu kwa sauti ya chini, "mama, hii hela tulimkopa nani?" Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani sikula.

Kesho yake nikafunga mlango wa stoo nikakaa chini na boksi la risiti. Nikazijumlisha kwa mkono zote za manunuzi yenye VAT za Machi, Aprili na Mei, zilikuwa risiti 41, jumla 59,000,000 kodi ikiwa ndani. Kwa risiti hizohizo mfumo unasema tumenunua kwa 69,620,000. Tofauti 10,620,000, karibu deni lote la ile orodha. Nikagawa kwa milioni 59, ikaja 0.18. Hapo ndo nilipoelewa, na mikono ilikuwa inatetemeka, kwasababu nilishajua swali linalofuata, ritani tatu nilizopeleka zimesemaje.

Hesabu yake hii hapa. Ndani ya milioni 59, VAT ya kweli ni milioni 9, na mzigo bila kodi ni milioni 50. Mi nilikuwa nimejirudishia asilimia 18 ya milioni 59 nzima, yaani 10,620,000. Kwahiyo tumejirudishia 1,620,000 ya serikali ambayo si yetu. Njia ya mkato ya kujua umekosea kiasi gani, kosa la namna hii ni asilimia 18 ya VAT ya kweli, milioni 9 mara 0.18, unapata 1,620,000. Na kile mnachokiona kama gharama kinazidi kwa VAT yote ya kweli, kwetu milioni 9 nzima, ndo maana ripoti ya faida ilikuwa nyekundu kila mahali.

Wakati napitia boksi nikakuta krediti noti. Mwezi wa nne tulirudisha nondo zenye kutu, saplaya akatuandikia krediti noti ya 236,000, ndani yake VAT 36,000. Nakumbuka vizuri siku naiingiza. Nilitafuta kwenye menyu neno linalofanana na krediti, nikalikuta Crédit lakini hiyo ilikuwa safu ya upande wa mkopo kwenye majarida, sio mahali pa kuingizia. Nikaangalia daftari, hamna. Nikaiingiza kama ankara ya kawaida, nikaandika kwenye maelezo "nondo zilizorudi", nikijiambia ntauliza. Kumbe krediti noti kwa Kifaransa cha mahesabu ndo hiyo Avoir! Yule dereva hakunidanganya, kwenye maongezi avoir ni kuwa na, lakini kwenye ankara ni karatasi inayosema una chako kwangu. Menyu ya Avoirs nilikuwa naipita kila siku nikidhani ni stoo.

Sasa angalieni kilichotokea. Badala ya kupunguza VAT yetu kwa 36,000, mfumo uliongeza 42,480, maana na yenyewe niliiingiza kwa ileile kodi ya kuongeza juu. Tofauti ni 78,480 kwa karatasi moja. Na hii kwenye ile boksi la risiti isingejitokeza kirahisi, kwasababu sikuilipa, ikabaki kama ankara ya 278,480 ambayo haijalipwa, na yenyewe ingeonekana deni la kawaida kabisa. Niliipata kwa sababu niliomba stetimenti kwa kila saplaya nikaiweka mstari kwa mstari na ya kwetu. Ya kwao ilikuwa na kutoa, ya kwetu ilikuwa na kujumlisha. Ushauri wangu hapa, ukikuta mfumo wa lugha ngeni usianze na neno, anza na alama. Ingiza krediti noti moja, iache kwenye Brouillon, ile rasimu kabla ya kuthibitisha, halafu angalia kama deni la saplaya lingeshuka au lingepanda. Ikipanda uko mlango usio wako.

Jumla yetu ikawa 1,620,000 na 78,480, yaani 1,698,480. Nikaiandika kwenye karatasi moja na maelezo ya jinsi ilivyotokea nikampelekea bosi kabla sijaongea na mtu mwingine yeyote. Akasoma, akasema hiyo haikuwa hela yetu, irudi. Tukaandika barua kuomba kurekebisha ritani za miezi mitatu, tukaambatanisha orodha ya risiti zote 41, namba ya risiti, TIN ya saplaya, kiasi bila kodi, kodi na jumla, tukalipa ile kodi na riba yake. Kodi alilipa bosi. Riba ilikatwa kwenye mshahara wangu mara tatu, nilikubali, na Eid iliyofuata watoto walivaa nguo za mwaka wa nyuma. Kama unaweza kugundua kosa lako kabla hujaulizwa, ligundue, kwasababu mazungumzo ya mtu aliyekwenda mwenyewe na orodha mkononi yanakuwa mepesi zaidi ya yale ya aliyeitwa.

Kuhusu marekebisho ndani ya mfumo. Kuna kitufe cha Remettre en brouillon, unairudisha ankara iwe rasimu, unabadili kodi kutoka TVA 18% kwenda TVA 18% TTC, unathibitisha tena. Inasikika rahisi, ila kila ukirudisha ankara malipo yake yanaachana nayo, na inabidi uyaunganishe upya moja moja, ukisahau utakuwa na ankara haijalipwa na hela inaelea. Ilinichukua Jumamosi mbili. Na usifanye hivyo kwa mwezi ambao ritani yake imeshakwenda bila kurekebisha na ritani yenyewe, la sivyo mfumo utasema hivi na uliyopeleka inasema vile, mwakani hakuna atakayekumbuka kwanini.

Mtu anaweza kusema si ungegawa bei kwa 1.18 mwenyewe ukaandika bila kodi, kodi ukaiacha. Nilijaribu. Saruji 16,500 gawa 1.18 ni 13,983.05 baada ya kukata. Mara mifuko 100 ni 1,398,305, ongeza kodi inakuja 1,649,999.90. Risiti inasema 1,650,000. Senti kumi zinabaki zinadaiwa milele, na ukiwa na ankara arobaini una visenti arobaini vinavyokuchafulia orodha mpaka deni la kweli hulioni. Andika bei kama ilivyo kwenye risiti, chagua kodi ya ndani, mfumo ugawe wenyewe, unapata 1,398,305.08 na 251,694.92, jumla 1,650,000 kamili.

Aliyenifafanulia mengi ya haya ni mama mmoja mhasibu wa duka la shemeji kule Bujumbura, tuliongea kwenye simu karibu saa nzima. Yeye ndo aliniambia nitazame pia kwenye kadi ya saplaya palipoandikwa Assujetti à la TVA, yaani amesajiliwa VAT au hapana. Kwetu fundi alikuwa ameweka tiki kwa wote. Nikatoa tiki kwa wale wadogo wasio na VRN, wa mchanga na kokoto, maana asiyesajiliwa hana VAT ya kutuandikia, na ankara yake lazima ikae bila kodi kabisa. Bahati nzuri wale nilikuwa nafuta kodi kwa mkono tangu mwanzo. Namba ya VRN yenyewe haikuwa na kisanduku, wao wana NIF moja tu, kwahiyo VRN naiandika kwenye maelezo ya saplaya.

Mwezi wa saba fundi akatuwekea Kiingereza, na hapa msikilize vizuri. Maneno ya mfumo yalibadilika yote, vitufe, menyu, vichwa vya safu. Majina yaliyoandikwa na binadamu hayakubadilika. Zile kodi mbili zilibaki TVA 18% na TVA 18% TTC vilevile, na majina ya akaunti yalibaki Kifaransa, kwasababu hayo mtu aliyaandika kwa mkono wake. Namba nazo zikageuka siku hiyohiyo, mkato ukawa wa maelfu na nukta ikawa ya senti. Kama ningekuwa nasubiri Kiingereza kinikomboe, lile kosa lingeendelea kama lilivyo, kisanduku kilekile na kodi ileile. Tulichofanya ni kumuomba fundi abadilishe majina yenyewe, moja ikaitwa "VAT 18 imo ndani ya bei" na nyingine "VAT 18 inaongezwa juu", na kwenye kila bidhaa upande wa manunuzi tukaweka ile ya kwanza.

Mwaka jana tulichukua binti wa kunisaidia, kamaliza chuo hapahapa Dodoma. Wiki yake ya pili alikuwa anaingiza ankara ya rangi kutoka kwa saplaya mpya, bidhaa ilikuwa haijawahi kuwepo kwenye mfumo kwahiyo ikaja na ile kodi ya kuongeza juu. Kabla hajathibitisha aliniita, kashika risiti mkono wa kushoto, kidole kiko kwenye skrini pale kwenye jumla. "Dada, karatasi inasema laki nne na sabini na mbili, hapa inasema laki tano na hamsini na sita elfu na mia tisa na sitini." Nikamwambia ondoa hiyo kodi weka ya ndani, akabadilisha, ikaja 472,000, akagonga muhuri risiti akaitupia kwenye boksi.